Roboti ya Nyaraka Inapokosea: Kosa la Kutafuta au Kosa la Kujibu?

Roboti ya nyaraka ni programu inayojibu maswali kwa kusoma mafaili iliyokabidhiwa: sheria, mwongozo wa wafanyakazi, sera ya mikopo, kitabu cha mashine. Mtu anauliza kwa maneno yake ya kawaida, nayo inamjibu kwa sentensi zilizonyooka. Kwa nje huonekana ni kitu kimoja kinachoongea. Ndani yake mna kazi mbili zinazofuatana, na kila kazi ina mtendaji wake.

Kazi ya kwanza ni kutafuta. Kabla ya siku ya kwanza ya matumizi, nyaraka zote hukatwakatwa kuwa vipande vifupi, aya moja au mbili kila kimoja, kisha vipande hivyo huwekwa kwenye faharasa. Swali linapoingia, mtafutaji hupitia faharasa na kutoa vipande vichache, mara nyingi vitano, anavyoona vinalingana na swali. Kazi ya pili ni kutunga jibu. Modeli ya lugha hupewa swali pamoja na vipande vile vitano, ikaambiwa ijibu kwa kutegemea hivyo tu. Haijasoma sheria nzima wala mwongozo mzima. Inachokijua kuhusu nyaraka za ofisi ni hizo karatasi tano zilizowekwa mezani pake. Mpangilio huu ulipata jina la RAG mwaka 2020, katika makala ya Patrick Lewis na wenzake, na ndio ulioenea zaidi katika roboti za ofisini.

Kwa hiyo jibu baya linaweza kuzaliwa mahali pawili. Huenda karatasi iliyofaa haikufika mezani, au ilifika na msomaji akaisoma vibaya. Aliyeuliza haoni tofauti, maana makosa yote mawili humjia kwa Kiswahili kilekile safi na kwa uhakika uleule. Anayetengeneza roboti naye hataiona kama anapima kitu kimoja tu, yaani majibu mangapi yalikuwa sahihi. Atabadilisha maneno ya maelekezo, atanunua modeli kubwa zaidi, atabadilisha tena maelekezo, na wiki zitapita huku roboti ikikosea maswali yaleyale.

Mfano mzuri unapatikana katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, kwa kuwa ni waraka ambao ofisi nyingi huulizwa habari zake kila siku. Ichukuliwe ofisi iliyoweka sheria hiyo pamoja na mwongozo wake wa wafanyakazi ndani ya roboti. Mfanyakazi anaandika: "Mama akijifungua mapacha anapata likizo ya siku ngapi?" Roboti inajibu kwamba ana haki ya likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, na inataja kifungu cha 33. Jibu limekaa vizuri, lina na kifungu, na si kweli. Sheria ilivyotungwa inatoa siku 84 kwa uzazi wa kawaida, na siku 100 kwa anayejifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja.

Msimamizi akisoma jibu hilo peke yake atasema modeli imebuni. Lakini kumbukumbu za mfumo zikifunguliwa, hadithi inabadilika. Kila swali huacha nyuma yake orodha ya vipande vilivyotolewa, ikiwa mtengenezaji aliiagiza programu iihifadhi, na asiyeihifadhi hana cha kupima. Kumbukumbu ya swali la mapacha inaonekana hivi:

```
swali:    Mama akijifungua mapacha anapata likizo ya siku ngapi?
ushahidi: kifungu 33(6)(b), siku 100
vipande:  112, 087, 240, 019, 114
nafasi:   9
jibu:     siku 84
```

Kipande namba 112 kinaishia kwenye aya ya (a), penye siku 84. Aya ya (b), penye siku 100, imeangukia kipande namba 113, kwa sababu programu iliyokata nyaraka ilikuwa inahesabu herufi tu, ikafika kikomo chake katikati ya kifungu na kukata hapohapo. Kipande cha 113 kikabaki kimeanza na "(b)" bila kichwa cha habari, bila maneno "likizo ya uzazi", na bila neno "mapacha", ambalo ni neno la watu na halimo katika lugha ya sheria. Mtafutaji alikipa nafasi ya tisa. Vilivyokwenda mezani ni vitano. Modeli ilisoma karatasi iliyopewa, ikakuta 84, ikasema 84. Haikubuni chochote.

Kugawa kipimo mara mbili ni kuyafanya hayo kwa maswali mengi, kwa utaratibu, badala ya kuyaona kwa bahati siku moja. Kinachohitajika kwanza ni daftari la maswali. Arobaini yanatosha kuanzia. Kila swali linaandikwa pamoja na vitu viwili: jibu sahihi, na mahali hasa kwenye waraka panapolithibitisha. Hilo la pili ndilo ambalo wengi huliruka, na bila hilo utafutaji haupimiki kabisa. Kazi hii hufanywa na mtu anayezijua nyaraka, ofisa utumishi au mwanasheria, na huchukua siku moja au mbili za kuchosha.

Ushahidi uandikwe kwa kifungu, ukurasa na maneno yenyewe, usiandikwe kwa namba ya kipande. Namba za vipande hudumu hadi siku mtu atakapoamua kukata nyaraka upya, na ukataji ni miongoni mwa vitu vya mwanzo kubadilishwa. Daftari lililoandikwa kwa namba za vipande hufa siku hiyohiyo.

Maswali yenyewe yatoke kwa waulizaji halisi, kwenye kumbukumbu za roboti au kwenye barua pepe za idara. Mtu akikaa na sheria mbele yake akatunga maswali, ataazima maneno ya sheria bila kujijua: "Mfanyakazi aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja ana haki gani?" Swali kama hilo mtafutaji yeyote atalipatia, kwa kuwa limebeba maneno ya kipande chenyewe. Kipimo kitapanda, na watu wanaouliza habari za mapacha wataendelea kupotoshwa. Maswali yanayotungwa na modeli ya lugha kutokana na vipande yana ugonjwa huohuo, tena mkali zaidi.

Yawepo pia maswali machache ambayo majibu yake hayamo kabisa kwenye nyaraka. Hayo hayaingii katika hesabu ya utafutaji, maana hakuna cha kupatikana. Yanapima kama modeli inajua kusema "halimo". Mtafutaji hana adabu hiyo: ukimuuliza bei ya nyanya atakuletea vipande vitano vilivyo karibu zaidi na nyanya ndani ya sheria ya kazi.

Sasa maswali 40 yenye majibu yanapitishwa. Kwa kila swali yanatazamwa mambo mawili, na la kwanza halihitaji kusoma jibu: je, ushahidi umo ndani ya vipande vitano vilivyotolewa? Ni ndiyo au hapana, na kompyuta inaweza kuhesabu yenyewe kwa kulinganisha maneno ya ushahidi na maneno ya vipande. Pale jibu linapohitaji sehemu mbili za waraka, "ndiyo" huandikwa zikiwa zimepatikana zote mbili. Jambo la pili ni kama jibu lililotolewa ni sahihi. Matokeo ya mfano huu yawe hivi: ushahidi ulifika mezani katika maswali 24. Kati ya hayo, majibu 20 yalikuwa sahihi na 4 mabaya. Katika maswali 16 ushahidi haukufika. Kati ya hayo, majibu 13 yalikuwa mabaya na 3 sahihi.

Kwa kipimo cha zamani roboti hii ina majibu 23 sahihi kati ya 40, na habari imekwisha. Kwa kipimo kilichogawanywa, utafutaji unafanikiwa kwa asilimia 60, na modeli ikipewa karatasi inayofaa inajibu sawasawa kwa asilimia 83. Tatizo kubwa limejionyesha liko upande gani. Na zaidi ya hapo, inawezekana sasa kukadiria faida ya kila marekebisho kabla ya kutoa hela. Ofisi ikinunua modeli bora kuliko zote duniani, isiyokosea kamwe mbele ya ushahidi, yale majibu 4 mabaya yatanyooka, na roboti itafika 27. Yale 13 yatabaki palepale, kwa sababu hakuna modeli inayoweza kusoma karatasi isiyopewa. Lakini mtafutaji akirekebishwa hadi ushahidi ufike katika maswali 36, modeli ileile ya sasa, kwa asilimia zake 83, itatoa majibu sahihi 30 hivi.

Yale majibu matatu sahihi yasiyo na ushahidi yanastahili kutazamwa kwa jicho baya. Mtu ameuliza saa za kawaida za kazi kwa wiki, kipande hakikupatikana, na roboti imejibu 45, ambayo ndiyo kanuni ya sheria. Imeipata wapi? Kwenye kumbukumbu yake, yaani maandishi mengi iliyofundishiwa kabla haijaletwa ofisini. Leo imebahatisha. Kumbukumbu hiyohiyo kesho inaweza kuleta siku 21 za likizo ya mwaka, ambazo ni kanuni ya Kenya, badala ya siku 28 za Tanzania. Katika kipimo cha jumla bahati ya namna hii huhesabiwa kuwa ushindi. Katika kipimo kilichogawanywa inaonekana ilivyo, kasoro ya utafutaji iliyofunikwa.

Maswali 16 yaliyokosa ushahidi nayo hayafanani. Njia rahisi ya kuyachambua ni kumwambia mtafutaji atoe vipande 20 badala ya vitano, kwa ajili ya kipimo tu, kisha kutazama ushahidi umekaa nafasi ya ngapi. Katika mfano huu, maswali 7 yana ushahidi wake kati ya nafasi ya 6 na ya 20. Mtafutaji ameuona, ila ameupanga vibaya. Maswali 6 hayana ushahidi hata katika 20, kwa hiyo mtafutaji hakuuona kabisa. Matatu yaliyobaki yana kisa kingine: ushahidi wake haumo hata kwenye faharasa.

Hayo matatu huwashangaza wengi, ingawa ndiyo ya kawaida kuliko yote. Kurasa za mwongozo wa ofisi ziliskaniwa. Kwa jicho la mtu ni maandishi, kwa kompyuta ni picha, na programu ya kukata ilizipita kimya bila kulalamika. Au kuna jedwali la viwango vya posho ambalo lilipogeuzwa kuwa maandishi, tarakimu zilimwagika na kutengana na majina ya vyeo vyake. Ugonjwa huu hautibiki kwa kubadilisha mtafutaji wala modeli. Hutambulika kwa kufungua faharasa na kutafuta maneno ya ushahidi moja kwa moja. Yasipokuwamo, kazi inaanzia kwenye mashine ya skani na programu ya kusoma herufi za picha.

Yale 6 ambayo mtafutaji hakuyaona mara nyingi ni tatizo la maneno, na hapa Kiswahili kina shida zake. Kuna njia mbili kuu za kutafuta. Moja hulinganisha maneno yenyewe: kipande chenye maneno adimu ya swali hupanda juu. Msingi wake ni kazi ya Karen Spärck Jones ya mwaka 1972, iliyoonyesha kwamba neno linaloonekana katika nyaraka chache libebe uzito kuliko neno lililotapakaa kila mahali. Njia ya pili hugeuza swali na kila kipande kuwa orodha ndefu ya namba, inayoitwa vekta, ili maandishi yenye maana zinazokaribiana yawe na namba zinazokaribiana. Ya pili ndiyo inayoweza kukutanisha "mapacha" na "zaidi ya mtoto mmoja", endapo ilifundishwa Kiswahili cha kutosha. Ikiwa ilifundishwa zaidi kwa Kiingereza, hujikwaa.

Njia ya kwanza nayo, ikitumiwa bila marekebisho, haijui kwamba "akijifungua", "aliyejifungua", "kujifungua" na "wanaojifungua" ni neno moja. Kwake hayo ni maneno manne tofauti. Programu nyingi za kutafuta zilizoea Kiingereza, ambako inatosha kukata mwisho wa neno ili kupata shina. Kiswahili hurundika viambishi mwanzoni, na kukata mwisho hakusaidii kitu. Tiba moja nyepesi ni kulinganisha vipande vya herufi badala ya maneno mazima, ili "jifungu" ionekane popote ilipo. Tiba nyingine ni kutumia njia zote mbili na kuunganisha orodha zake.

Kwa yale 7 yaliyo kati ya nafasi ya 6 na 20, kishawishi ni kuongeza vipande vinavyokwenda mezani, kutoka vitano hadi ishirini. Kipimo cha utafutaji kitaruka mara moja, na hapo ndipo kinapoweza kudanganya. Kwa mzigo huo modeli inapokea ushahidi mmoja na vipande kumi na tisa visivyohusika, vingine vikiwa vinafanana sana na kinachotakiwa. Nelson Liu na wenzake walionyesha mwaka 2023 kwamba modeli walizozijaribu zilitumia vizuri zaidi habari zilizokuwa mwanzoni au mwishoni mwa maandishi marefu, na zikapoteza zilizokuwa katikati. Kwa hiyo ushindi wa upande mmoja unaweza kulipwa na hasara ya upande wa pili, na ni vipimo viwili vikikaa bega kwa bega tu vinavyoionyesha. Njia salama zaidi ni kuchukua vipande 20, kuvipanga upya kwa programu ya pili inayosoma swali na kipande kwa pamoja, kisha kupeleka vitano vya juu.

Majibu 4 mabaya yaliyotolewa mbele ya ushahidi hupimwa kwa jaribio moja fupi. Mtafutaji anawekwa kando. Modeli inapewa swali na kipande kimoja tu chenye ushahidi, kilichochaguliwa kwa mkono. Katika mfano huu, majibu mawili yalinyooka na mawili hayakunyooka, na kila jozi ina maana yake.

Jozi iliyonyooka ina swali la likizo ya baba. Sheria ilitoa siku 3 zenye malipo, zichukuliwe ndani ya siku 7 tangu mtoto kuzaliwa. Roboti ilisema siku 4. Kipande cha siku 3 kilikuwa mezani, nafasi ya nne, lakini juu yake kilikaa kipande kingine kinachoeleza siku 4 za likizo kwa mfanyakazi anayeuguliwa au kufiwa na mtoto wake. Mtoto yumo, likizo imo, malipo yamo, na modeli ikashika namba ya jirani. Ilipopewa kipande kimoja ilijibu sawa. Kosa hili hukaa kwenye mpaka wa kazi hizo mbili: mtafutaji alileta kilichotakiwa lakini akakizungushia vifananavyo. Ndiyo maana baadhi ya wapimaji huandika pia usafi wa utafutaji, yaani katika vile vitano ni vingapi vinavyohusika kweli, na ushahidi umekaa nafasi ya ngapi.

Jozi iliyogoma ina swali la mgonjwa. Mtu ameuliza mfanyakazi akiugua siku 90 analipwaje. Kipande kinaeleza wazi kwamba likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika mzunguko wa likizo, 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Roboti ilijibu kwamba atalipwa mshahara kamili siku zote 90 kwa kuwa hazijazidi 126. Kilipobaki kipande kimoja mezani, ikarudia hivyohivyo. Jibu sahihi ni siku 63 kwa mshahara kamili na 27 kwa nusu. Hili ni kosa la kutunga jibu bila shaka yoyote, na ni kwa makosa ya aina hii tu ndipo kubadilisha maelekezo, kuitaka modeli ioneshe hesabu yake hatua kwa hatua, au kununua modeli nyingine kuna maana.

Upande wa majibu una mtego wake pia, wa kuchanganya maswali mawili yanayofanana. Je, jibu limeshikamana na vipande lililopewa? Na je, jibu ni kweli? Jibu la mapacha lilishikamana kabisa na kipande chake na halikuwa kweli. Jibu la saa 45 lilikuwa kweli na halikushikamana na chochote. Mpimaji anayeandika alama moja kwa yote hayo atailaumu modeli kwa la kwanza na kuisifu kwa la pili, na atakuwa amekosea mara mbili. Wako wanaomwachia modeli nyingine ya lugha kazi ya kusahihisha ili kuokoa muda. Inawezekana, lakini kwanza majibu ishirini hivi yasahihishwe na mtu, na alama zake zilinganishwe na za modeli. Zikitofautiana sana, msahihishaji huyo naye hafai.

Wazo lenyewe la kupima utafutaji peke yake ni la zamani kuliko roboti hizi. Miaka ya 1960, kwenye Chuo cha Urubani cha Cranfield nchini Uingereza, Cyril Cleverdon alikusanya makala 1,400 za sayansi ya ndege na maswali zaidi ya 200, akaandikisha kwa kila swali ni makala zipi zinazolijibu, kisha akashindanisha mbinu za kutafuta juu ya mkusanyiko uleule. Tangu mwaka 1992 mashindano ya TREC ya Marekani yamekuwa yakifuata desturi hiyo kwa mikusanyiko mikubwa zaidi. Daftari la maswali 40 la ofisa utumishi ni mjukuu wake, mdogo lakini wa ukoo.

Udogo huo una mipaka yake. Kwa maswali 40, asilimia 60 inaweza kupanda au kushuka kwa asilimia 15 hivi kwa bahati ya maswali yaliyochaguliwa. Mtafutaji mpya akipata 26 mahali ambapo wa zamani alipata 24, hakuna mtu anayeweza kusema kwa haki kwamba amemshinda. Kinachosaidia ni kutazama swali kwa swali. Mpya akiyapata yote 24 ya zamani na kuongeza mawili, hiyo ni dalili njema. Akiongeza saba na kupoteza matano, jumla ni ileile 26, ila kuna kitu kimevunjika na kinahitaji kutafutwa.

Katika ofisi ya mfano, kurasa zilizoskaniwa zilisomwa upya, na ushahidi wa maswali 3 ukaingia kwenye faharasa na kupatikana. Nyaraka zikakatwa kwa kufuata vifungu badala ya idadi ya herufi, kila kipande kikabebeshwa kichwa cha sehemu yake, na njia mbili za kutafuta zikaunganishwa. Maswali mengine 9 yakapata ushahidi. Jumla 36. Modeli haikuguswa, na majibu sahihi yakafika 31, moja zaidi ya makadirio, kwa kuwa vipande vilivyokatwa kwa vifungu vilipunguza pia vile vifananavyo vya jirani. Kifungu kidogo cha 33(6) sasa kiko kizima katika kipande kimoja, siku 84 na siku 100 zikiwa mstari kwa mstari, chini ya kichwa cha likizo ya uzazi. Kwa swali la mapacha kinatoka nafasi ya kwanza. Swali la siku 90 za ugonjwa bado linakosewa, na limeandikwa kwenye safu ya modeli. Pembeni mwa kila jibu kwenye daftari imeongezwa tarehe ya toleo la sheria lililotumika, maana siku Bunge litakaporekebisha kifungu, jibu lililoitwa sahihi litakuwa la kwanza kupitwa na wakati, na mtafutaji atakayeleta kifungu kipya ataandikiwa kosa asilolifanya.